Mbu Waliofungwa Kizazi

Bi Sauda Mtopa amepigwa mara mbili maishani, na mara zote mbili aliyempiga alikuwa mtu aliyewahi kula ugali wake. Mara ya kwanza ni mumewe, aliyemvunja kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kisha akahamia Mtwara na mwanamke mwingine. Bi Sauda alisema heri, kidole kitapona. Mara ya pili ni Ridhiwani, fundi matairi wa pale Somanga barabarani, na huyo alimtoa jino. Pigo la tatu halikumgusa hata unywele, na hilo ndilo alilotamani limuue.

Yeye mwenyewe si malaika, tusidanganyane. Miaka ishirini na mitano amekuwa kungwi. Wasichana wa Somanga waliopita mikononi mwake wanajua uzito wa kiganja chake na ukali wa kucha zake pajani mtu anaposinzia wakati wa mafunzo. Hakuna mwanamke aliyezaa kijijini bila kwanza kufundishwa naye habari za mwili, za mume na za kizazi. Wanamwita somo mpaka leo, hata wenye wajukuu, na wakimwona njiani wanashusha sauti. Akisema neno juu ya kizazi, neno hilo halipingwi. Hapo ndipo balaa lilipopata mlango.

Mwaka wa juzi, wakati wa masika, homa ya dengi iliingia Somanga na kukaa miezi mitatu. Watu walilala chini na viungo vinawauma hata kugeuka hawawezi. Mdogo wake Bi Sauda, mama wa watoto wanne, alianza kutoka damu kwenye fizi siku ya Jumatano, na Jumamosi wakamzika. Kwa hiyo mradi wa kupiga vita dengi ulipokuja kutafuta wahudumu wa kijiji wa kuachia mbu, Bi Sauda alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Aliwaambia hana elimu ila ana hasira, wakamchukua.

Mafunzo yalifanyika Kilwa Masoko siku tatu, na mwalimu alikuwa Andrea, kijana mrefu wa Kimakonde, mpole, mwenye kupenda kuchora ubaoni. Alieleza kwamba Wolbachia ni bakteria wanaoishi ndani ya seli za wadudu wengi, vipepeo na nzi wa matunda wakiwemo, lakini kwa asili hawamo ndani ya mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Wataalamu waliwaingiza kwa sindano nyembamba kwenye mayai ya mbu, na tangu hapo mama mbu huwarithisha watoto wake kupitia yai. Kirusi cha dengi kikiingia kwenye mbu wa namna hiyo hakipati nafasi ya kuzaliana vizuri, hakifiki kwa wingi kwenye mate yake, na kwa hiyo akimuuma mtu si rahisi kumwambukiza. Bakteria wenyewe hawahamii kwa mtu.

"Na wataeneaje kijiji kizima?" Bi Sauda aliuliza.

Andrea alichora mbu wawili. Jike mwenye Wolbachia, alisema, apandwe na dume yeyote, mayai yake yanaanguliwa na watoto wote wanazaliwa nayo. Lakini jike wa mtaani asiye nayo, akipandwa na dume mwenye nayo, anataga mayai yasiyoanguliwa. Kila kizazi kinachopita, wenye nayo wanaongezeka na wasio nayo wanapungua. Mradi ungeachia majike na madume pamoja kila wiki kwa wiki kumi na sita, kisha mbu wangeendeleza kazi wenyewe. Bi Sauda alielewa barabara. Kwa mambo ya nani kamzalia nani, akili yake ilikuwa wembe.

Basi ukaitwa mkutano wa kijiji pale ofisini. Andrea akasimama, akasema habari za kutowiana kwa seli za uzazi, watu wakaanza kupiga miayo na kuangalia simu zao. Mzee Shamte, mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyependa mkutano upite saa saba, akamgeukia Bi Sauda.

"Bi Sauda, hebu tutolee hilo kwa lugha yetu. Huyu mtoto anatulaza."

Bi Sauda akasimama, akajifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti yake ya unyagoni, "Jamani, ni hivi. Dume wa mradi akimwendea jike wa mtaani, jike yule amefungwa kizazi. Atataga, atataga, hapati mtoto!"

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Shamte akafunga mkutano saa sita na nusu, na Bi Sauda akarudi nyumbani akijiona amefanya kazi ya watu kumi.

Ole wake mwanamke yule! Angeweza kusema mayai yanakuwa viza, na kila mtoto aliyewahi kuchungulia chini ya kuku anayeatamia angemwelewa. Neno lilikuwepo, dogo, safi, halina lawama. Lakini yeye alichukua neno la kazini kwake. Na kwao kufungwa kizazi si jambo la mayai. Ni jambo la mwanamke aliyeendewa kwa mganga na mtu mwenye kijicho, akafungiwa fundo, akakaa na mume miaka bila kupata kitu. Kwa wengine ni lile linalofanywa hospitali kwa kisu. Kwa vyovyote vile ni jambo la binadamu, linafanywa kwa makusudi, na anayejua kulifanya na kulifungua ni kungwi.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda. Asubuhi gari la mradi lilileta makopo, kila kopo na mbu wake chini ya kitambaa cha wavu, na Bi Sauda alizunguka nayo: nyuma ya msikiti, kwenye mapipa ya maji ya wauza chai, kwenye vibanda vya kando ya barabara. Makopo mengi zaidi alifungulia kwa Ridhiwani. Fundi yule alikuwa na lundo la matairi mabovu kimo cha mtu, na ndani ya kila tairi maji ya mvua, na ndani ya maji viluwiluwi wakicheza. Kama mbu wa dengi wangekuwa na makao makuu, yangekuwa pale. Ridhiwani mwenyewe alimchekea. "Karibu mama, lete na hao, mimi nafuga tu."

Mkewe Ridhiwani aliitwa Somoe, na Bi Sauda ndiye aliyemweka unyago. Mwaka uliotangulia Somoe alikuwa amepoteza mimba. Wiki ya tatu ya mradi akapoteza nyingine.

Mimba hutoka kwa sababu nyingi, na wala haikuwa ya kwanza. Lakini Ridhiwani alikuwa ameketi mlangoni anamsikia mkewe akilia ndani, na mbele yake mbu wanazunguka kwenye matairi, wengi kuliko siku zote, maana mradi ukianza kuachia, mbu huongezeka kwa muda. Akakumbuka neno. Akalirudia kwa dereva wa lori aliyekuja kubandikiwa tairi. Dereva akalirudia kwa muuza chai. Ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyekumbuka kwamba mkutanoni watu walicheka. Walikumbuka tu kwamba kungwi mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema mbu hawa ni wa kufunga kizazi, na kwamba kwa Ridhiwani ndiko alikofungulia makopo mengi.

Bi Sauda aliyasikia akayapuuza. Hilo ni kosa lake la pili, na alilifanya kwa kiburi. Alizoea kuogopwa, akadhani kuogopwa ni sawa na kuaminiwa.

Wiki ya kumi na tatu, asubuhi ya Jumanne, Andrea alikuwa uani kwa Bi Sauda anashusha makopo, nao wanataniana habari za mke ambaye Andrea hajamwoa. Ridhiwani akaingia bila hodi. Mkononi alikuwa na kile chuma kirefu cha kubandulia matairi.

"Shikamoo yako leo sikupi," alimwambia Bi Sauda.

Chuma cha kwanza kilimshukia Andrea kwenye mkono aliouinua kujikinga, na Bi Sauda akausikia mfupa ukikatika, mlio mkavu kabisa. Andrea alianguka juu ya makopo. Chuma cha pili kilimpata mgongoni, cha tatu mbavuni. Kila Ridhiwani alipopiga alitaja: "Hili la mimba ya mwaka jana! Hili la mwaka huu!" Bi Sauda akamrukia, akamng'ata bega akayakaza meno kwelikweli. Ridhiwani akageuka, akampiga kwa kiwiko cha mkono. Jino la mbele likatoka, akalimeza pamoja na damu.

Kisha fundi akayageukia makopo. Aliyaponda moja moja kwa kisigino na kwa chuma, huku anatukana, na mbu wakatoka kwenye vitambaa vilivyochanika wakatawanyika uani kote. Mtu mwenye hasira hahesabu vizuri. Kazi ya kuachia mbu wiki ile aliifanya yeye, mpaka kopo la mwisho.

Majirani walikuja kusimama ukingoni mwa ua. Hakuna aliyeingia kati. Bi Sauda, damu ikimtiririka kidevuni, aliwatazama mmoja mmoja, wanawake wote wale aliowafundisha namna ya kujisitiri, na kila aliyemtazama aliangalia pembeni. Hapo ndipo alipoelewa kwamba si Ridhiwani peke yake.

Andrea alipelekwa hospitali mkono ukiwa umefungwa kwenye kipande cha ubao. Ridhiwani alijificha Mitole kwa shemeji yake siku nne, akarudi, na polisi walipokuja kuuliza, Somanga nzima haikuona kitu. Mradi ukaleta salamu: wiki tatu zilikuwa zimebaki. Mbu waliokamatwa kwenye mitego walikuwa wamepimwa, na karibu sita katika kila kumi walikuwa na Wolbachia. Wakiachwa sasa wanaweza kushindwa kushika kijiji. Lakini mradi hauwezi kuleta gari mahali watu wanapovunjwa mifupa. Kijiji kikutane, kikubali au kikatae.

Bi Sauda aliwaza siku mbili, ulimi ukilipapasa pengo. Kueleza tena kwa maneno aliona hakufai. Maneno ndiyo yaliyomponza. Akampigia simu mwanawe.

Imani alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki hai kati ya watatu. Alifanya kazi kule Masoko kwenye nyumba ya mbu wa mradi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa mmoja wa wale wanaowalisha: anaingiza mkono mtupu kwenye tundu la wavu, anakaa dakika kumi, majike mamia wanaufunika na kunywa, kisha anautoa umevimba, anaupaka dawa. Mbu wale walizaliwa ndani, hawakuwahi kuonja damu ya mgonjwa. Imani alikuwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto. Katikati ya kazi hiyo, wakati mkono wake unaumwa na mbu wa Wolbachia kila wiki, akashika mimba. Mradi ukamtoa kwenye matundu siku ileile aliyosema, ndiyo taratibu yao. Sasa alikuwa na miezi mitano na tumbo lilionekana kwenye gauni lolote.

"Njoo na tumbo lako, mwanangu," Bi Sauda alisema kwenye simu. "Wakuone tu. Hakuna mtu Somanga aliyeumwa na mbu hao kama wewe."

"Mama, mume wangu hataki. Anasema watu wenu wana wazimu."

"Watu wangu nawajua mimi. Hawawezi kumgusa mwenye mimba. Nimewafundisha mwenyewe."

Imani akaja. Namlaumu Bi Sauda kwa hili? Namlaumu. Alikuwa na haki ya kutaka neno lake lisafishwe, hakuwa na haki ya kulisafisha kwa tumbo la mtu mwingine, hata awe mwanawe. Lakini yeye amekwisha kujilaumu kuliko mimi, tena kwa maneno mabaya zaidi, kwa hiyo niendelee.

Mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi. Watu walijaa mpaka barabarani. Mzee Shamte aliomba utulivu, hakuupata, akaendelea hivyohivyo. Bi Sauda akasimama na Imani ubavuni.

"Mnamjua huyu," alisema. Sauti ilitoka na miluzi kwa sababu ya pengo. "Imani wangu. Miaka minane mlimcheka. Mikono yake hii imeliwa na mbu wa mradi kuliko ng'ombe wenu walivyoliwa na kupe. Mtazameni tumbo. Nilisema neno baya siku ile, nilikosea neno. Mayai ya mbu ndiyo hayaanguliwi, mayai ya mbu wa mtaani. Si ya mtu!"

Kwa muda kidogo aliwapata. Aliona nyuso zikilegea. Mwanamke mmoja mbele alitabasamu kumtazama Imani, na Imani naye, kwa haya, akaweka kiganja juu ya tumbo lake.

Ndipo Ridhiwani aliposukuma watu na kujitokeza, macho mekundu. "Ndiyo!" alipiga kelele. "Mwanawe kamfungulia! Sisi katufunga, wa kwake katuletea na tumbo kutuonyesha! Nani anajua kufunga na kufungua hapa kama si yeye? Mimi nimezika wangu wawili, yeye analeta tumbo!"

Hoja ikageuka mikononi mwa Bi Sauda kama kisu kinachogeukia mwenye kukishika. Sauti zikapanda. Mtu akasema kweli. Mtu mwingine akasema mchawi. Mzee Shamte aliingia ofisini akafunga mlango, na huo ndio uenyekiti wake wote. Jiwe la kwanza lilipiga bati. La pili likapiga meza. Bi Sauda akatanua kanga yake mbele ya Imani na kurudi nyuma naye hatua kwa hatua kuelekea kwenye gari lililomleta Imani, akipiga mateke, akitukana matusi ambayo hata unyagoni hayasemwi. Walimvuta kanga, ikachanika, akabaki na gauni. Mwanamke mmoja alimkwangua uso kwa kucha. Alikuwa yuleyule aliyetabasamu.

Jiwe lililompata Imani halikuwa kubwa. Lilikuwa kokoto la ujenzi wa barabara, la kujaa kiganjani. Ridhiwani alilirusha kutoka hatua sita, na Bi Sauda alimwona anavyolipima. Likapita chini ya mkono wake alioutanua, likampiga Imani chini ya kitovu. Imani hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama," akakaa chini, na vumbi chini yake likaanza kulowa.

Hospitali walifanya kila walichoweza. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka. Mtoto alizaliwa saa kumi jioni, na hakupumua. Imani aliongezewa damu chupa tatu, akaokoka, akalala ameelekea ukutani. Mama yake alipomshika bega, yeye alilikwepesha.

Somanga walisemaje? Walisema walijua tu. Walisema mmeona, hata yeye mwanawe mbu wamemshinda, mimba imetoka. Jiwe halikutajwa. Katika siku tatu jiwe likawa halikuwepo kabisa, watu mia mbili walikuwepo na hakuna aliyeliona, ila mimba iliyotoka kila mtu aliiona kwa macho yake. Bi Sauda aliposikia hivyo kutoka kwa jirani aliyekuja hospitali kumjulia Imani hali, alicheka. Alicheka sana, mpaka jirani akaondoka kwa hofu.

Siku ya kumi Bi Sauda alimwacha Imani nyumbani kwake Masoko, akarudi Somanga. Alilinoa panga lake kwenye jiwe la uani, bila haraka, likawa la kukata unywele. Hakuwa anatafuta polisi wala mkutano. Alitaka kumkata Ridhiwani shingoni, na alikwisha kujiona akifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mkono wenyewe ulikuwa unajua njia. Saa nne asubuhi akashika barabara, panga mkononi, mchana kweupe, na watu waliokuwa njiani wakampisha.

Fundi hakuwepo. Palikuwa na matairi, mbu, na Somoe mlangoni, anatapika kwenye ndoo.

Somoe aliinua kichwa, akaona panga, akapiga magoti palepale. "Somo, usiniue. Niko wawili."

Bi Sauda alisimama. "Umesemaje?"

"Nina mimba, somo. Miezi miwili na ushee."

Bi Sauda amewatazama wanawake miaka ishirini na mitano, hahitaji kipimo. Aliona ngozi ya shingo, matiti, namna anavyojishika. Akapiga hesabu upesi: miezi miwili na ushee. Makopo yalikuwa yanafunguliwa pale mlangoni kila wiki. Mimba imeshika hapa, katikati ya mbu, kando ya lundo hili hili.

"Siku ya mkutano ulikuwa unajua?"

Somoe alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Nakuuliza! Mumeo aliposimama akasema amefungwa, ulikuwepo, nilikuona nyuma ya wanawake wa chai. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimekosa siku zangu mara moja, na za mwezi wa pili nazo zilikuwa zimepita. Nilijua."

"Na hukusema."

"Ulitukataza, somo!" Somoe alilia. "Ulitufinya mpaka damu. Ulisema mimba changa haitajwi, hata kwa mume haitajwi mpaka mwezi wa nne, atakayeitaja itatoka. Mimi zile mbili nilimwambia mapema, zikatoka. Hii nikafunga mdomo kama ulivyofundisha. Nilimwona Imani anadondoka, nikafunga mdomo."

Bi Sauda alikumbuka kweli alivyofundisha, na paja la nani alifinya. Akalitupa panga kwenye matairi kwa nguvu zake zote, likajikita kwenye mpira na kubaki limesimama. Kisha akampiga Somoe kofi moja la shavuni, la kungwi, na kabla Somoe hajalia alimkamata kifundo cha mkono na kumwinua.

"Twende."

Alimburuta barabarani, Somoe anajikwaa, wauza chai wanaacha birika motoni kuwafuata. Wanaume walikuwa wamekaa mbele ya ofisi ya kijiji na Ridhiwani yuko katikati yao. Siku hizo alikuwa mtu wa kusikilizwa. Alipomwona mkewe anavutwa alisimama na kukunja ngumi.

"Mwambie," Bi Sauda alisema. "Mbele yao. Mimi niliyekukataza nakuruhusu. Taja."

Somoe alitaja. Alisema miezi, akasema ilishika lini, akasema siku ya mkutano ilikuwa tayari tumboni mwake.

Ridhiwani alimtazama mkewe, akatazama mikono yake mwenyewe. Ngumi zikafunguka. Mzee Shamte alianza kuinuka kwenda ofisini kwake, Bi Sauda akamwambia, "Kaa chini," akakaa.

"Kwa hiyo..." Ridhiwani alisema. "Kwa hiyo mimi nimempiga nani?"

"Mjukuu wangu," Bi Sauda alisema. "Alikuwa wa kiume. Tumemzika mimi na baba yake, kwa sababu mama yake alikuwa hawezi kusimama."

Kisha akauachia mkono wa Somoe, akamwambia akapumzike, anywe maji, asibebe ndoo. Akavuka barabara kutafuta gari la kwenda Masoko, maana wakati wa kumpelekea Imani uji ulikuwa umefika.